Tarakimu Tatu Nyuma ya Kadi: Kwa Nini Muuzaji Haruhusiwi Kuzihifadhi

Tarehe 17 Juni 2005, kampuni ya Mastercard ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika kompyuta za kampuni moja ya Marekani ambayo wenye kadi wengi hawakuwahi hata kulisikia jina lake. Kampuni hiyo, CardSystems Solutions, ilikuwa na kituo cha kuchakata malipo mjini Tucson, jimbo la Arizona. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya duka na benki: inapokea taarifa za kadi kutoka dukani, inazipitisha kwenye mtandao wa kadi ili benki ya mteja iulizwe kama malipo yakubaliwe, kisha inalirudisha jibu dukani. Ilikadiriwa kuwa kadi zipatazo milioni 40 za mitandao mbalimbali zilikuwa hatarini.

Idadi hiyo ilitosha kujaza kurasa za mbele za magazeti. Watu wa fani ya malipo, hata hivyo, walishtushwa zaidi na swali lililofuata: kwa nini taarifa hizo zilikuwapo pale? Kampuni ilikuwa mpitishaji tu. Baada ya benki kujibu, hapakuwa na sababu ya kubaki nazo. Mkurugenzi wake mkuu, John Perry, alieleza kwamba zilikuwa zimewekwa kwenye faili la uchunguzi, ili wafanyakazi waweze kujua kwa nini baadhi ya miamala ilikataliwa au haikukamilika. Alikiri kwamba hilo halikupaswa kufanyika. Miongoni mwa vitu vilivyohifadhiwa kutoka kwenye utepe wa sumaku wa kadi, pamoja na namba ya kadi na tarehe ya mwisho wa matumizi, ulikuwamo msimbo wa usalama.

Kufikia wakati huo sheria za mitandao ya kadi zilikuwa tayari zinakataza jambo hilo. Ili kuelewa kwa nini tarakimu tatu zilikatazwa kuwekwa na muuzaji yeyote, hata mwaminifu, inabidi turudi nyuma hadi siku ambazo kadi haikuwa na msimbo kabisa.

Namba iliyoonekana na kila mtu

Kadi za benki za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na namba zilizotuna juu ya plastiki. Hazikutuna kwa ajili ya urembo. Mwenye duka aliiweka kadi kwenye kifaa cha chuma, akaweka karatasi ya nakala juu yake, kisha akasukuma mkono wa kifaa kwenda na kurudi. Namba, jina na tarehe vikagandamizwa kwenye karatasi, mteja akatia sahihi. Nakala moja ilibaki dukani, nyingine ikaenda benki, na karatasi ya kaboni iliyokuwa katikati ikatupwa. Wezi walijifunza mapema kwamba pipa la takataka la duka lina hazina: kila kaboni ilikuwa na namba kamili ya kadi ya mtu.

Dukani kwenyewe namba peke yake haikumfikisha mwizi mbali, kwa sababu alitakiwa aje na kadi mkononi. Lakini kulikuwa na biashara nyingine iliyokuwa ikikua, ya kuagiza bidhaa kwa posta na kwa simu. Mteja aliyeagiza kwa simu alisoma namba na tarehe, muuzaji akaandika, na malipo yakapita. Aliyesoma namba angeweza kuwa mwenye kadi, au mtu aliyeiokota pipani. Kwa muuzaji aliyekuwa upande wa pili wa simu, wawili hao walifanana.

Intaneti ilipoingia kwenye biashara katika miaka ya 1990, tatizo lilipanuka kwa namna mpya. Namba ya kadi ina mpangilio unaojulikana. Tarakimu za mwanzo hutambulisha benki iliyoitoa, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu rahisi iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1960. Hesabu hiyo iliwekwa ili kunasa makosa ya kuandika, kama vile kubadilisha tarakimu moja kimakosa. Haikukusudiwa kuwa ulinzi. Zilitokea programu ndogo za kompyuta zilizokuwa zikizalisha namba zinazofuata mpangilio huo, na baadhi ya namba hizo zilikuwa za kadi za watu halisi. Mwizi hakuhitaji tena hata kwenda pipani.

Kitu ambacho hakipo mahali pengine

Mwaka 1995 nchini Uingereza, Michael Stone, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Equifax, alibuni njia ya kuthibitisha kwamba anayelipa akiwa mbali ana kadi mkononi. Msimbo wake wa kwanza ulikuwa mrefu, wa herufi na tarakimu 11. Ulijaribiwa na kampuni ya kuuza bidhaa kwa agizo ya Littlewoods pamoja na benki ya NatWest. Chama cha malipo cha benki za Uingereza, APACS, kililichukua wazo hilo na kulifupisha hadi tarakimu tatu ambazo tunazijua leo. Mastercard ilianza kutoa kadi zenye msimbo mwaka 1997. American Express ilifuata mwaka 1999, ikachagua tarakimu nne zinazochapwa upande wa mbele. Kufikia 2001 Visa nayo ilikuwa ikitoa kadi zenye msimbo huo Marekani.

Mahali ulipowekwa msimbo huu ndipo palipo na akili yake yote. Kwanza, ulichapwa bapa, bila kutuna, kwa hiyo ile mashine ya chuma haikuweza kuunakili. Pili, haukuwekwa ndani ya utepe wa sumaku, kwa hiyo aliyeunyonya utepe kwa kifaa cha wizi hakuupata. Tatu, hauchapishwi kwenye risiti. Ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye plastiki yenyewe. Aliyeweza kuutaja alikuwa, kwa uwezekano mkubwa, anaitazama kadi.

Hapa inafaa kutenganisha misimbo miwili ambayo mara nyingi huchanganywa. Ndani ya utepe wa sumaku kuna msimbo mwingine, usioonekana kwa macho, ambao benki huukagua kadi inapopitishwa kwenye mashine. Huo humzuia mtu aliyepiga picha kadi asitengeneze utepe bandia. Ule uliochapwa humzuia aliyenakili utepe asinunue kwa intaneti. Kila mmoja unalinda mlango wake, na mwizi aliyepata mmoja hawezi kuutumia kwenye mlango wa pili. Msimbo uliovuja Tucson ulikuwa wa utepe, na kwa huo wezi wangeweza kutengeneza kadi bandia zinazokubaliwa na mashine. Sheria inayokataza kuhifadhi inaihusu misimbo yote miwili.

Tarakimu zinavyopatikana

Wengi hudhani kwamba benki huchagua tarakimu tatu kwa bahati nasibu na kuziandika kwenye daftari la siri. Sivyo. Msimbo hukokotolewa. Benki huchukua namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu zinazoeleza aina ya huduma, ikaviunganisha kuwa mfuatano mmoja, kisha ikausimba mfuatano huo kwa funguo mbili za siri zinazotunzwa ndani ya kifaa maalumu kisichoruhusu funguo kutoka nje. Kwa msimbo uliochapwa, tarakimu za huduma huwekwa `000`. Kwa ule wa utepe hutumika tarakimu halisi za kadi. Ndiyo maana kadi moja hutoa misimbo miwili isiyofanana.

Tokeo la usimbaji huwa mfuatano wa tarakimu na herufi 16. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, limetoka hivi:

```
B0F4E29A7C1D5E83
```

Kompyuta huupitia mfuatano kutoka kushoto, ikiruka herufi na kuokota tarakimu pekee: ya kwanza ni 0, inayofuata ni 4, kisha 2. Msimbo wa kadi hiyo utakuwa `042`. Iwapo tarakimu hazitoshi, herufi nazo hugeuzwa kuwa tarakimu ili kujaza nafasi.

Mteja anapolipa mtandaoni, msimbo aliouandika husafiri pamoja na namba hadi benki yake. Benki hurudia hesabu ileile kwa funguo zake, inalinganisha, na kurudisha jibu la herufi moja. Kwa Visa, `M` humaanisha umelingana na `N` humaanisha haukulingana. Kwa hiyo hata benki haina haja ya kuwa na orodha ya misimbo ya wateja wake. Inachohitaji ni funguo.

Muuzaji naye, jibu likishamfikia, amemaliza kazi na msimbo. Anaruhusiwa kuhifadhi ile `M`, ambayo itamsaidia, mteja akija kupinga malipo. Tarakimu zenyewe hazimwongezei chochote.

Amri isiyo na mlango wa dharura

Mwezi Desemba 2004 mitandao mikubwa ya kadi iliunganisha masharti yake katika hati moja inayojulikana kama PCI DSS. Miaka miwili baadaye, American Express, Discover, JCB, Mastercard na Visa ziliunda baraza la kuisimamia. Hati hiyo inazigawa taarifa za kadi katika mafungu mawili. Namba ya kadi, jina na tarehe ya mwisho muuzaji anaruhusiwa kuvihifadhi akiwa na sababu ya kibiashara, mradi namba aifanye isisomeke na asiye na ruhusa. Msimbo wa usalama, namba ya siri na yaliyomo kwenye utepe viko kwenye fungu la pili, ambalo halihifadhiwi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kama limesimbwa.

Maneno hayo ya mwisho huwakera wahandisi wengi. Huuliza: kama usimbaji unatosha kulinda namba ya kadi, kwa nini usitoshe kwa msimbo? Jibu liko kwenye kazi ya msimbo. Namba ya kadi hutambulisha akaunti, na muuzaji anaweza kuihitaji mwezi ujao ili kurudisha fedha au kutoza ada. Msimbo unashuhudia jambo moja tu, kwamba aliyelipa saa ile alikuwa na kadi. Ushahidi wa saa ile hauwezi kutumika kesho. Muuzaji akiuweka na kuutuma tena mwezi ujao, benki itaambiwa kwamba kadi iko mbele ya mteja wakati mteja amelala nyumbani kwake. Zaidi ya hayo, muuzaji aliyeusimba ana ufunguo wa kuusimbua, na mdukuzi aliyeingia ndani ya mfumo wake mara nyingi huufikia ufunguo huo pia.

Katazo haliishii kwenye kompyuta. Linahusu fomu ya karatasi ambayo mteja ameijaza, na linahusu pia sauti. Vituo vya simu hurekodi mazungumzo na wateja, na mteja akitamka msimbo wake, unabaki ndani ya rekodi. Ndiyo maana katika vituo vinavyofuata taratibu, kinasa sauti husimamishwa wakati wa kutaja kadi, au mteja huombwa abonyeze tarakimu kwenye simu yake ili mhudumu asizisikie.

Jimbo la Minnesota, Marekani, lilikwenda mbali zaidi mwaka 2007. Lilipitisha sheria ya bunge inayokataza kubaki na msimbo wa usalama au data ya utepe baada ya malipo kuidhinishwa, na ikamwelekezea muuzaji aliyekiuka gharama ambazo benki huzibeba baada ya wizi, kama vile kutoa kadi mpya.

Yaliyoipata CardSystems yalionyesha kwamba adhabu inaweza kuua biashara. Mwezi Julai 2005 Visa na American Express zilitangaza kwamba hazitaendelea kupitisha miamala kwake, na kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa njiani kununuliwa na nyingine. Februari 2006, Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia nayo makubaliano yaliyoilazimu kukaguliwa na mkaguzi wa nje kila baada ya miaka miwili, kwa miaka 20.

British Airways: msimbo unapoibwa njiani

Kutohifadhi kuna mpaka wake, na shirika la ndege la British Airways liliugundua kwa gharama kubwa. Mwezi Juni 2018 wadukuzi waliingia katika mtandao wake kwa kutumia kitambulisho cha mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikilihudumia. Kuanzia tarehe 21 Agosti hadi 5 Septemba, mistari michache ya programu iliyopachikwa kwenye tovuti ya shirika ilinakili kila alichoandika mteja kwenye ukurasa wa malipo na kukituma kwenye anwani ya wezi, `baways.com`, iliyofanana na ya shirika lenyewe. Msimbo haukuibwa ghalani. Uliibwa ukitoka kwenye vidole vya mteja.

Uchunguzi wa ofisi ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ulifichua pia kosa la aina ya kale. Wakati wa kuujaribu mfumo mmoja, mafundi waliwasha kipengele cha kuandika taarifa za malipo kwenye faili za kumbukumbu, kisha mfumo ukaanza kazi bila kukizima. Tangu mwisho wa 2015, taarifa za kadi katika baadhi ya malipo zilikuwa zikiandikwa kwa maandishi ya kawaida na kukaa siku 95 kabla ya kufutwa. Hapakuwa na aliyekusudia kuzihifadhi. Mwezi Oktoba 2020 shirika lilitozwa faini ya pauni milioni 20.

Mambo haya mawili yanamfundisha mkaguzi pa kutazama. Msimbo haupatikani sana kwenye hifadhidata kuu, ambako kila fundi anajua kwamba haupaswi kuwapo. Hupatikana kwenye faili za kumbukumbu za makosa, kwenye nakala rudufu, kwenye jedwali la mhasibu, na kwenye barua pepe iliyoambatishwa fomu. Huko ndiko ilikokuwa data ya Tucson: pembeni, kwenye faili la kuchunguzia hitilafu.

Udhaifu wa tarakimu tatu

Tarakimu tatu zinatoa uwezekano 1,000 tu. Benki na tovuti hutegemea kuzuia majaribio mengi, lakini mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walionyesha jinsi kizuizi hicho kinavyozungukwa. Tovuti moja inaweza kuruhusu majaribio kumi kisha ikafunga. Mhalifu huligawa zoezi la kubahatisha katika tovuti nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikipewa majaribio machache, na kwa sekunde kadhaa anaweza kuupata msimbo. Katika jaribio lao, mtandao wa Mastercard uliyagundua majaribio yaliyotawanywa kabla hayajafika kumi, ilhali wa Visa wakati huo haukuyagundua.

Kwa sababu hiyo benki nyingi sasa huongeza hatua ya pili, mara nyingi namba ya muda inayotumwa kwenye simu ya mwenye kadi. Njia nyingine ni kuufanya msimbo wenyewe usidumu. Kadi ya mtandaoni ya GlobalPay, iliyozinduliwa na Safaricom pamoja na Visa nchini Kenya mwaka 2022 kwa watumiaji wa M-PESA, haina plastiki. Msimbo wake hutolewa ndani ya simu, hutumika kwa muda mfupi, kisha hubadilika. Muuzaji akiuhifadhi kinyume cha sheria, amehifadhi kitu kilichokwisha kufa.

Muuzaji afanye nini, na mteja je?

Wateja wengi hujiuliza inakuwaje tovuti inawatoza kila mwezi bila kuomba msimbo tena. Msimbo hutumika mara ya kwanza, mteja anapoiandikisha kadi. Malipo yanayofuata hutumwa yakiwa na alama inayoieleza benki kwamba muuzaji ndiye anayeyaanzisha, kwa ridhaa iliyotolewa mwanzoni. Wauzaji wengi hawana hata namba ya kadi. Wana namba mbadala waliyopewa na kampuni ya malipo, ambayo haimsaidii mwizi kununua kwingine. Kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba anauhifadhi msimbo ili asikusumbue tena ama hajui kazi yake, ama anakudanganya.

Mahali ambapo kanuni hii huvunjwa kwa urahisi zaidi ni kwenye fomu ya kuweka nafasi ya hoteli au safari, ile inayotumwa kwa barua pepe au WhatsApp ikiwa na visanduku vya namba ya kadi, tarehe na tarakimu tatu za nyuma. Fomu hiyo ikishajazwa hubaki kwenye simu ya karani, kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye kabati la karatasi, na hakuna anayekumbuka kuifuta. Mwenye hoteli anayetaka kuepuka balaa anaweza kuomba benki yake kiungo cha malipo, mteja akaandika kadi yake moja kwa moja kwenye ukurasa wa benki.

Nawe msomaji, ukipewa fomu ya namna hiyo, kiache kisanduku cha msimbo kikiwa kitupu na uombe kiungo. Usiupige picha upande wa nyuma wa kadi na kumtumia mtu, awe muuzaji au anayejiita mhudumu wa benki. Kama tayari umekwisha kuutuma, piga simu kwa benki yako na uombe kadi mpya.